Saa ya Kwanza kwa Shilingi Elfu Nne: Namna ya Kuchagua Ukiwa Lamu

Ukiingia dukani Lamu na shilingi elfu nne za kununulia saa, utaonyeshwa vitu vitatu. Cha kwanza ni saa janja yenye kioo kikubwa, sura yake kama zile za bei ghali, na ndani ya boksi mna mikanda mitatu minne. Cha pili ni bangili ya mazoezi, nyembamba, inayohesabu hatua na kutetema simu ikiita. Cha tatu ni saa ya kawaida ya betri, ya mishale au ya tarakimu. Ninavyoona mimi, kwa pesa hiyo ushindani wa kweli ni baina ya bangili na saa ya kawaida. Saa janja nzuri zipo, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hiyo, na zinazouzwa kwa elfu mbili au tatu ndizo zinazowaliza watu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua saa yake ya kwanza, ambaye pesa hiyo ikipotea hana nyingine ya kurudia.

Hatua ya kwanza: jua unataka kuangalia nini mkononi

Kabla ya kuuliza bei, chukua karatasi uandike siku yako ya kawaida tangu alfajiri mpaka kulala. Kila pahali unapotoa simu mfukoni, andika umeitoa kwa sababu gani. Watu wengi wakimaliza hukuta sababu ni chache: kujua saa, kuona nani anapiga, kusoma ujumbe, kuzima kengele ya asubuhi.

Mwenye duka kule Langoni hutoa simu kila mara kuangalia kama ujumbe wa M-PESA umeingia kabla hajamkabidhi mteja mzigo. Huyo bangili itamfaa, kwa sababu ataona ujumbe mkononi hata kama vidole vina unga au mafuta. Ila ajue kwamba bangili haihakiki chochote. Inachofanya ni kurudia kilichoingia kwenye simu, na ujumbe wa uongo wa matapeli nao utatokea vilevile. Ni lazima aangalie mtumaji ni MPESA na salio limebadilika.

Anayeamka usiku kupika daku, naye ana watoto wachanga chumbani, atapenda kengele ya bangili, maana inatetema mkononi na haimwamshi mwengine. Mvuvi au baharia anayefuata maji yuko mbali na hao. Maji kujaa na kupwa husogea kwa kama dakika hamsini kila siku, kwa hivyo anabadilisha kengele yake kila jioni, na mara nyingi vidole vimelowa. Yeye anahitaji vitufe vya kubonyeza.

Ikiwa karatasi yako ina sababu moja tu, nayo ni kujua saa, umekwisha kuchagua. Nunua saa ya kawaida, na hatua ya pili uiruke.

Hatua ya pili: ikague simu yako

Bangili bila simu janja ni nusu ya kitu. Itaonyesha saa na hatua, lakini kuiwasha mara ya kwanza, kuiwekea saa sahihi na kupokea ujumbe vyote vinapitia programu ndani ya simu. Mwenye kabambe asiinunue kabisa.

Mwenye simu janja aangalie mambo mawili. Kwanza, toleo la Android: fungua Settings, kisha About phone, ulinganishe na toleo la chini lililoandikwa kwenye boksi la bangili. Pili, nafasi. Simu inayolalamika kila siku kuwa imejaa haitaibeba programu nyengine ikafanya kazi vizuri, na simu ya aina hiyo mara nyingi huizima programu ya bangili kimyakimya ili ijipunguzie mzigo. Mtu husema bangili imeharibika kwa kuwa ujumbe hauingii, kumbe tatizo liko kwenye simu.

Kuhusu saa janja za kweli, nitasema machache. Apple Watch inahitaji iPhone, na Galaxy Watch zilizotoka tangu 2021 hazifanyi kazi na iPhone. Ukitaka iliyotumika, muuzaji aifute na kuitoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako kabla hujalipa, la sivyo utabaki na saa iliyofungwa ambayo fundi hawezi kuifungua.

Hatua ya tatu: maji, na hapa tusiharakishe

Hapa kwetu saa hukutana na maji kila siku: udhu, mvua ya masika, mawimbi kwenye boti, na watoto wanaoruka kutoka gatini. Maandishi ya maji yaliyo kwenye saa huwapotosha wengi. Ukiona 50 m au 5 ATM, usidhani unaweza kuzama nayo mita hamsini. Maana yake ni kwamba saa ya aina hiyo imejaribiwa kwa shinikizo linalolingana na kina hicho, kwenye maji yaliyotulia. Mtu anapoogelea na kupiga mikono, au anaporuka kutoka juu, shinikizo linalopiga saa huzidi lile la kukaa tu majini.

Kwa hivyo soma hivi. Iliyoandikwa WATER RESIST peke yake, au 30 m, ni ya udhu, mvua na kunawa. Iliyoandikwa 50 m au 5 ATM ni ya kuogelea kawaida, na bangili nyingi za kampuni zinazojulikana ziko hapo. Iliyoandikwa 100 m ndiyo ya mtu ambaye bahari ndiyo kazi yake. Maandishi ya IP67 na IP68, yanayopendwa sana na saa janja za bei rahisi, ni kipimo cha aina nyengine kabisa. IP67 ni kukaa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika thelathini, tena maji baridi yasiyo na chumvi. Hayasemi lolote kuhusu kuogelea baharini.

Chumvi ina madhara yake hata maji yasipoingia ndani. Ikikauka hubaki kwenye viungo vya mkanda, kwenye vitufe, na kwenye vile vitone vya chuma nyuma ya bangili ambapo chaja hushika. Ukiichaji na vitone hivyo vina chumvi na unyevu, umeme unapita palipolowa na chuma kinaliwa. Baada ya muda utaona weusi au ukijani, halafu chaja inashika leo na kesho inakataa. Suuza kwa maji ya bomba kila unapotoka baharini, futa, iache ikauke kabisa, ndipo uchaji.

Jambo la mwisho la maji ni skrini. Skrini ya kugusa husikia kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme, na maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Ikilowa, inajigusa yenyewe au inakataa kabisa kukusikia. Saa yenye vitufe haijui habari hizo. Na kwenye jua la mchana, kioo cha saa ya tarakimu ya kawaida hutumia mwanga wa jua wenyewe kuonyesha namba, kwa hivyo kadiri jua linavyowaka ndivyo inavyosomeka. Skrini rahisi ya saa janja hufifia mpaka uikingie kwa kiganja.

Wengi pia huvua saa wakati wa kutawadha, ili maji yafike chini yake. Jaribu mkanda dukani kwa mkono mmoja: unavulika na kuvaliwa upesi? Mkanda mgumu kuvaa ndio unaoachwa kando ya birika la msikiti.

Hatua ya nne: hesabu gharama baada ya kununua

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Casio F-91W, iliyotoka 1989 na inayouzwa mpaka leo, hutumia betri ya CR2016 ambayo kiwanda kinasema hukaa kama miaka saba. Casio W-800H ni ya mita mia, na betri yake hukadiriwa miaka kumi. Betri ikiisha, fundi wa saa yeyote anaifungua na kuweka nyengine.

Bangili nzuri hukaa wiki moja mpaka mbili kwa chaji moja, kutegemea unavyoitumia, na kwa kuwa betri yake ni ndogo sana haitakuongezea chochote kwenye bili ya umeme. Umeme ukikatika siku mbili, haikuathiri. Tatizo ni chaja. Kila kampuni ina chaja yake, na mara nyingi hata bangili mbili za kampuni moja hazitumii chaja moja. Ukiipoteza, huenda usiipate Amu nzima, na itabidi uagize Mombasa, ije kwa basi mpaka Mokowe, halafu ivuke. Kabla ya kununua bangili, muulize muuzaji: chaja yake peke yake unayo, na ni bei gani? Jibu lake litakusaidia zaidi ya maelezo yote ya boksi. Betri iliyo ndani ya bangili haibadilishwi kwa urahisi, kwani mwili umegundishwa, na ukifunguliwa kinga ya maji imekwenda. Mimi hupiga hesabu ya miaka mitatu kwa bangili.

Saa janja ya bei rahisi huchajiwa kila siku moja au mbili. Betri za aina hii huanza kuchoka baada ya kama mizunguko 500 ya chaji. Ukichaji kila siku, mizunguko hiyo inafika kabla ya mwaka na nusu. Bangili inayochajiwa mara mbili kwa mwezi haifiki hata thelathini kwa mwaka.

Hatua ya tano: jaribu pale pale dukani

Usione haya. Muuzaji mwaminifu atakuachia, na anayekataa usijaribu chochote amekwisha kukujibu.

Kwa saa ya kawaida ya tarakimu, bonyeza taa. Namba zikififia au kupotea taa inapowaka, betri iko ukingoni. Kwa ya mishale, tazama mshale wa sekunde kwa dakika nzima. Ukiruka sekunde mbili mbili au zaidi kwa pamoja badala ya moja moja, nyingi zimetengenezwa hivyo kukujulisha kuwa betri inaisha. Angalia chini ya kioo kama kuna ukungu, na nyuma kama pameandikwa kuwa kifuniko ni stainless steel. Chuma kilichopakwa rangi ya fedha tu, hewa yetu ya chumvi itakibambua upesi.

F-91W za bandia ni nyingi. Bonyeza kitufe cha kulia bila kuachia kwa sekunde tatu au nne: halisi itaandika CASIo kwenye kioo. Baadhi ya bandia nazo zimeigiza hilo, kwa hivyo angalia pia nyuma kama maandishi yamechongwa safi, jina F-91W na kwa kawaida namba 593, na kama taa ni ya kijani hafifu inayotoka upande wa kushoto. Inayouzwa mia tatu au mia nne si halisi. Inaweza kukuonyesha saa vizuri tu, na sioni ubaya wa kuinunua kwa bei hiyo ukijua unachonunua. Kosa ni kuilipia bei ya halisi.

Kwa bangili, jaribio la kwanza ni programu. Washa, kisha tazama inakuelekeza usakinishe programu gani. Bangili ya Xiaomi ya miaka hii hutumia Mi Fitness, na ya Huawei hutumia Huawei Health. Boksi likiwa na jina la Xiaomi lakini programu inayodaiwa ina jina usilolijua, hiyo si ya Xiaomi.

Jaribio la pili ni mapigo ya moyo. Ivae upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ibane kiasi isiteleze. Weka vidole shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, ulinganishe. Halafu panda na kushuka ngazi za duka mpaka uheme, upime tena. Namba lazima ipande pamoja nawe, na ukitulia ishuke. Saa bandia huganda kwenye sabini na kitu, uwe umekaa au umekimbia. Watu hupenda kuiweka mezani waone kama itatoa mapigo ya meza, lakini hata kifaa kizuri hudanganywa na kitambaa au mbao mara mojamoja. Jaribio la ngazi ndilo la kutegemea.

Jaribio la tatu ni hatua. Tembea hatua mia huku unahesabu mwenyewe. Ikikosea tano au sita, ni nzuri.

Kwa saa janja ya bei rahisi, anza na boksi. Ukiona inadai kupima sukari kwenye damu bila kutoboa kidole, irudishe. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari peke yake, na ikawaonya watu wasizitumie. Mgonjwa wa sukari akiamini namba hiyo na kupanga dawa kwayo anahatarisha maisha yake. Pressure nayo ni hivyo hivyo: hata Samsung, kwenye saa zao za bei kubwa, wanataka mtu ailinganishe na mashine ya mkanda wa mkono kila wiki nne. Saa ya elfu mbili isiyolinganishwa na chochote inakubunia.

Si ajabu, ukitazama pesa inakokwenda. Kioo kikubwa, spika, maikrofoni, boksi la kuvutia na mikanda mingi vyote vinalipiwa na hizo elfu mbili. Kinachobaki kwa ajili ya kihisi, mpira wa kuzuia maji na betri ni kidogo mno.

Mfano: mpwa wangu na dada yake

Mpwa wangu ni baharia kwenye boti za Amu na Mokowe. Alikuja na elfu nne, na moyo wake ulikuwa umeshaangukia saa janja ya elfu mbili aliyoionyeshwa karibu na Mkunguni.

"Mjomba, hii ina kila kitu, tena chenji inabaki," akaniambia.

Nikamwambia, "Haya, mwanangu. Lete kwanza karatasi yako."

Karatasi yake ilikuwa na mambo matatu: saa ya kuondoka, kengele ya alfajiri, na simu za tajiri wake. Kwa hilo la tatu bangili ingemfaa, kwani simu yake hukaa ndani ya nailoni chini ya kiti. Tukaazima bangili ya rafiki yake, nikamwambia alowe vidole kwa maji ya bahari, kama alivyo anapofunga kamba, kisha ajaribu kuzima kengele. Skrini ikaruka kurasa, mara ikanyamaza. Akajaribu tena na tena, kisha akaivua mwenyewe.

Tukapiga hesabu ya miaka mitano kwa bei alizotajiwa. W-800H aliambiwa 2,900, na nikaongeza mkanda mmoja wa 300 katikati; jumla 3,200, na betri hatuigusi. Bangili aliambiwa 3,800. Kwa miaka mitano angehitaji mbili, 7,600, ukiongeza chaja moja ya 500 inafika 8,100. Saa janja ya 2,000, kwa jua na chumvi ya kazi yake, nilimhesabia moja kila mwaka, na hapo nilikuwa mkarimu: 10,000. Akachukua ya 2,900. Simu za tajiri tulizitatua kwa kuweka mlio mkubwa na kuitundika nailoni karibu na usukani.

Dada yake hakuchukua hiyo. Yeye ni fundi wa cherehani, hukaa mchana kutwa, na kliniki walimwambia atembee. Simu yake ni nzuri na haingii baharini. Bangili ya 3,800 ndiyo iliyomfaa, kwa kuwa humtetemesha akikaa muda mrefu na humhesabia matembezi ya jioni. Kutoka Amu mpaka Shela ni kama kilomita tatu, yaani karibu hatua elfu nne kwenda peke yake, kwa hivyo anajua akienda na kurudi anatarajia kuona kama elfu nane. Bangili hiyo haina GPS yake, inategemea ya simu, lakini kwa kazi ya kuhesabu hatua halimhusu.

Ukishalipa

Dai risiti yenye jina la modeli, na muulize muuzaji anakubali kurudishiwa kwa siku ngapi. Siku hizo zitumie kwa bidii: vaa kila siku, tawadha nayo, lala nayo kama ni bangili, utazame chaji inashuka kiasi gani kwa siku. Bangili iliyoandikwa siku kumi na nne ikiisha kwa tatu, zima kwanza kupima moyo kila dakika na skrini inayowaka muda wote. Isipobadilika, irudishe.

Ukiagiza mtandaoni, chagua kulipa mzigo ukifika, na ufungue boksi mbele ya aliyeuleta.

Kila baada ya miezi michache, angalia vile vijiti viwili vya springi vinavyoshika mkanda kwenye saa. Ni vidogo, havionekani, na chumvi hukaa ndani yake. Saa nyingi zinazozama huwa nzima kabisa. Kijiti ndicho kilichooza. Vuta mkanda kwa nguvu kiasi pande zote mbili. Ukisikia unacheza au ukiona vumbi jekundu la kutu, mpelekee fundi abadilishe vyote viwili kwa pamoja, na umwombe aweke vya chuma kisichoshika kutu.